Lobu inapowashinda wanaojazana ku wavu

Mwenye kucheza voliboli kwenye kiwanja cha shule, iwe Kalembe, Pinga ao Mweso, anajua jambo hili: wazuiaji wawili wakiruka pamoja mbele ya wavu, mjanja hapigi kwa nguvu. Anagusa mpira pole, unapita juu ya mikono yao na kuanguka nyuma, pahali hapana mtu. Wote wanabaki wanatazamana.

Katika pikelboli, mayele hayo yako na jina lake. Wanaita lobu. Jibu lake ni smashi, pigo la kutoka juu ya kichwa. Mambo hayo mawili yanatembea pamoja sawa paka na panya: lobu nzuri inaua smashi, na lobu mbaya inamzawadia mpinzani smashi. Tutazame ni wakati gani lobu ya ghafla inashinda, na ni wakati gani inamrudia mwenye kuipiga.

Kiwanja na sababu ya watu kujazana mbele

Pikelboli bado ni mgeni huku kwetu, basi tuanze na kiwanja. Mchezo huu ulianza mwaka 1965 kwenye kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, kule Amerika. Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walitaka kuchezesha familia zao ku kiwanja cha zamani cha badmintoni, lakini vifaa vya badmintoni havikutimia. Wakachukua raketi za mbao na mpira wa plastiki wenye matundu. Mwanzoni wavu ulikuwa juu, kama wa badmintoni, sentimita 152. Walipoona mpira unadunda vizuri chini, wakaushusha mpaka sentimita 91. Jirani yao Barney McCallum akasaidia kutengeneza raketi na sheria.

Kiwanja kilibaki na kipimo cha badmintoni: upana mita 6.10, urefu mita 13.41. Kinaingia bila shida ndani ya kiwanja cha voliboli. Wanaocheza wawili kwa wawili wanatumia kipimo hicho hicho.

Wavu ukiwa chini hivyo, mtu angeweza kusimama pua ku wavu na kupigilia kila mpira. Kwa kuzuia hiyo, kila upande ukawekewa eneo la mita 2.13 kutoka ku wavu. Wachezaji wanaliita jikoni. Ukiwa ndani ya jikoni, ao ukiwa umekanyaga mstari wake, huruhusiwi kupiga mpira ambao bado haujadunda. Ukiisha kudunda, ingia tu upige.

Kwa hiyo timu nzuri inasogea mpaka nyuma kidogo ya mstari wa jikoni, vidole vya miguu karibu kugusa. Kutoka pale inazuia kila kitu na kuwasonga wapinzani. Pale ndipo pahali pa kushindia. Lakini angalia wanachokiacha nyuma ya mgongo: kutoka mstari wa jikoni mpaka mstari wa mwisho kuna mita 4 na nusu hivi, tupu kabisa. Lobu inatafuta shamba hilo.

Hesabu ya sekunde moja na nusu

Tuseme mchezaji amesimama kwenye jikoni ya upande wake, na anapiga mpira ulio karibu na goti. Anataka uangukie nusu mita ndani ya mstari wa mwisho wa wapinzani. Hiyo ni safari ya mita 8 na kidogo.

Mtu wa urefu wa kawaida akinyoosha mkono pamoja na raketi anafika mita 2 na nusu hivi. Akiruka, anaongeza kidogo. Basi mpira ukipita juu ya kichwa chake kwenye mita 3 na zaidi, hataugusa. Mpira wa namna hiyo, wenye kupanda mpaka kati ya mita 3 na 4, unakaa hewani kwa sekunde moja na nusu ao zaidi kidogo.

Hapo ndipo siri yote iko. Sekunde moja na nusu inatosha kwa mtu mwepesi kugeuka na kukimbia mita 4, kama aliuona mpira tangu unatoka kwenye raketi. Akichelewa nusu sekunde kuelewa kilichotokea, hafiki. Kumbe lobu haishindi juu ya kwenda juu sana. Inashinda juu ya ile nusu sekunde ya mshangao. Anayepiga lobu mpaka mawinguni anampa mpinzani muda wa kurudi, kujipanga na kungojea.

Alama tatu za kuonyesha kwamba wakati umefika

Ya kwanza ni miili ya wapinzani. Watu wanaojazana ku wavu, kisha mipira mitatu ao minne ya polepole, wanaanza kuinama mbele. Uzito unaingia ku vidole vya miguu, kifua kinapita magoti, raketi inashuka chini ya kiuno. Mtu wa namna hiyo, kabla ya kurudi nyuma, inabidi kwanza asimame wima. Hapo anapoteza ile nusu sekunde.

Ya pili ni mpira wenyewe. Lobu ya ghafla inatoka kwenye mpira wa polepole, ambao umekufikia ukiwa umetulia, miguu yako iko chini sawasawa. Mpira wa polepole unaoangukia ndani ya jikoni unaitwa dinki. Lobu nzuri inavaa nguo za dinki: magoti yamekunjwa vile vile, raketi iko chini vile vile, macho yako pale pale. Tofauti inakuja mwishoni tu: uso wa raketi unafunguka kuelekea juu, na bega pamoja na magoti yanainua mpira. Kiganja kinabaki kigumu. Ukiupinda mkono ghafla, mpira unapanda wima na kuangukia katikati, na hapo umejimaliza.

Ya tatu ni njia. Lobu inafaa ipite juu ya bega lisiloshika raketi. Kwa anayetumia mkono wa kuume, hilo ni bega la kushoto. Akitaka kuusimamisha mpira huo itabidi apige kwa mgongo wa raketi juu ya kichwa, na pigo hilo halina nguvu hata kwa wachezaji wakubwa. Ukiweza, piga kwa mshazari, kutoka pembe moja kwenda pembe nyingine. Njia ya mshazari inakupa nafasi zaidi kabla mpira haujatoka nje.

Kisha kuna jua na upepo. Jua la saa tisa likiwa nyuma yako, linawapiga wapinzani machoni wanapotazama juu. Upepo ukikuja usoni mwako, utashika lobu yako na kuiangusha ndani. Upepo ukitoka mgongoni, utaibeba mpaka nje, basi siku hiyo acha lobu. Mpira huu ni mwepesi, gramu 22 mpaka 26 tu, tena una matundu. Upepo kidogo tu unaucheza.

Pointi tatu za mwisho

Tufuate mfano mmoja. Timu mbili, tuziite Mlima na Mto. Mchezo unaisha ku pointi 11, na mshindi lazima apite mwenzake kwa 2. Kwa sheria ya kawaida, anayepata pointi ni yule tu mwenye kuanzisha mpira, ni kusema mwenye servisi. Kila timu iko na waanzishaji wawili, mmoja nyuma ya mwingine. Mlima wanaongoza 9 kwa 8, na mwanzishaji wao wa kwanza ndiye ana mpira.

Mto ni wakali ku wavu. Tangu mwanzo wamekuwa wakisonga mstari wa jikoni, na kila mpira unaopanda kidogo wanaupigilia. Mlima wanajua kwamba nguvu haitawasaidia. Mchezaji wao wa kushoto anapeleka dinki ya mshazari kwa mchezaji wa kushoto wa Mto. Inarudi. Anapeleka ya pili, ya tatu, zote chini, zote pahali pamoja. Ku ya nne, mtu wa Mto ameinama kabisa, raketi iko karibu na magoti, anangojea ya tano ili aipore hewani.

Ya tano inaanza sawa na zile zingine. Kiisha uso wa raketi unafunguka, mpira unapita juu ya bega lake la kushoto. Anasimama wima, ananyoosha mkono, anakosa. Mwenzake wa kuume anapiga kelele "Yangu!" lakini ameanza kukimbia kwa kuchelewa. Mpira unadunda karibu na pembe ya nyuma, unadunda tena. Kumi kwa nane.

Sasa Mlima wanafanya kosa ambalo wengi wanafanya: wanarudia ile ile mara moja. Lakini yule mtu wa Mto amejifunza. Safari hii amesimama hatua moja nyuma ya mstari, raketi iko mbele ya kifua. Lobu inatoka, naye ameisoma tangu mwanzo. Tena ni fupi: ingeanguka mita 4 kutoka ku wavu, siyo 6. Anarudi hatua mbili, anainua mkono na kuupiga smashi ku miguu ya mpigaji. Mlima wamepoteza mpira. Mto hawapati pointi juu hawakuwa na servisi, lakini mwanzishaji wa kwanza wa Mlima ameisha. Amebaki wa pili.

Hapo mchezaji wa kuume wa Mlima anamwambia mwenzake: "Yaya, amerudi nyuma. Mupigie chini ku miguu." Ndiyo kiini cha mambo. Mtu wa Mto, kwa kuogopa lobu, ameacha mstari wa jikoni. Sasa dinki inayoanguka mbele yake inamlazimisha kuinua mpira kutoka chini kabisa. Mlima wanapiga dinki mbili, ya pili inamkuta katikati ya hatua. Anainua mpira juu ya wavu kwa sentimita nyingi, na mchezaji wa kuume wa Mlima anaumaliza. Kumi na moja kwa nane.

Angalia vizuri: lobu ilileta pointi moja kwa njia ya wazi, lakini ya mwisho pia ilitoka kwake. Timu inayojua kwamba unaweza kupiga lobu haiwezi tena kujazana ku wavu kwa amani. Juu ya hiyo, lobu moja ao mbili katika mchezo mzima zinatosha. Ukizoesha watu, mshangao umeisha.

Lobu inayokuua mwenyewe

Lobu nyingi mbaya zinatoka kwa mtu aliyebanwa. Yuko nyuma ya kiwanja, anakimbia, mpira umemchelewesha, anaona wapinzani wawili wakubwa ku wavu, anaogopa, anautupa tu juu. Wapinzani wanaona raketi ikifunguka tangu mbali. Tena mpira unaotoka mbali wakati unawafikia umeshaanza kushuka, kwa hiyo hatua mbili za nyuma zinawatosha. Kutoka nyuma, ni afadhali kupiga mpira wa pole wenye kuangukia ndani ya jikoni yao, kisha usogee.

Utajua namna gani kama lobu yako ni fupi? Usitazame mpira, tazama mabega ya wapinzani. Mtu anayegeuka na kuonyesha mgongo amepitwa, basi baki ku mstari wako, ungojee mpira dhaifu. Mtu anayerudi nyuma huku kifua kikikutazama, mkono mmoja juu, anakuja na smashi. Wewe na mwenzako rudini hatua mbili ao tatu, simameni kabla hajapiga, mkunje magoti, raketi chini. Smashi nyingi zinalenga miguu. Ukiwa bado unatembea wakati anapiga, hutaigusa.

Kupiga smashi bila kuanguka

Tugeuze upande. Sasa lobu inakuja juu ya kichwa chako.

Kosa la kwanza ndilo la hatari kuliko yote: kurudi kinyumenyume, kisigino kimoja nyuma ya kingine, macho hewani. Mtu anaanguka na mgongo ao kisogo, ao anaweka mkono chini na kuuvunja kwenye kiganja. Katika mchezo huu, watu wazima wengi wanaumia kwa njia hiyo. Pahali ambapo kituo cha afya kiko mbali na barabara ni ya matope, pointi moja hailipi mkono uliovunjika. Kwa hiyo, ukiona mpira unapanda, geuka ubavu kwanza. Ukitumia mkono wa kuume, mguu wa kuume unaenda nyuma, bega la kushoto linatazama wavu, kiisha unatembea kwa ubavu ao unakimbia kabisa.

Wakati huo mkono usioshika raketi unainuka na kuonyesha mpira kwa kidole. Unakusaidia kupima, tena unazuia jua. Raketi inakaa nyuma ya sikio. Pigo linakutana na mpira mbele kidogo ya kichwa, mkono ukiwa umenyooka. Mpira ukiwa umeshapita nyuma ya kichwa, acha smashi. Utaupiga nje ao ndani ya wavu.

Usipige kwa nguvu yote. Mpira huu wa matundu unapunguza mwendo haraka hewani, na nguvu ya ziada inaharibu shabaha tu. Lenga miguu ya aliye karibu, ao nafasi kati ya wachezaji wawili pahali kila mmoja anadhani ni ya mwenzake.

Tena usisahau jikoni. Smashi ya mpira ambao haujadunda inafuata sheria ile ile ya hewani. Ukiupiga vizuri, kiisha mwendo wa mwili ukakusukuma mpaka ukakanyaga mstari wa jikoni, ni kosa, hata kama mpira umeshakufa upande wa pili. Wengi wanasherehekea pointi kumbe wameipoteza. Lakini lobu fupi sana ukiiacha idunde kwanza, unaweza kuingia jikoni na kuipigilia bila kosa.

Na kama lobu imekupita kabisa? Mara nyingi mwenzako anaiona vizuri zaidi, juu anakimbia kwa mshazari huku mpira uko mbele ya macho yake. Yeye aseme "Yangu!" na wewe uvuke uchukue upande wake. Asiyesema kitu anasababisha wote wawili wakimbilie mpira mmoja, ao wote wawili wauache.

Udongo siyo simenti

Jambo la mwisho linahusu viwanja vya huku. Mpira wa pikelboli unatengenezwa kwa sakafu ngumu: ukiangushwa kutoka karibu mita 2 juu ya jiwe, unarudi juu sentimita 76 mpaka 86. Ku udongo uliokauka na kupondwapondwa na miguu ya wanafunzi, unadunda kidogo. Ku majani, ao kisha mvua, unakufa pale pale.

Hiyo inabadilisha hesabu yote ya lobu. Ku simenti, aliyepitwa yuko na bahati ya pili: anaukimbiza mpira, anaungojea udunde, anaurudisha. Ku udongo laini bahati hiyo haiko. Lobu inayoanguka nyuma yako imekwisha. Kwa hiyo kwenye kiwanja cha udongo, timu inayojazana ku wavu inalipa bei kubwa zaidi, na busara ni kusimama nusu hatua nyuma ya mstari, uzito katikati ya miguu, masikio wazi kwa mwenzako. Kabla ya mchezo, angusha mpira mara moja karibu na mstari wa mwisho, utazame unapanda mpaka wapi. Ukikosa kufika ku goti, lobu leo ni silaha kali, kwako na kwa wale wa upande wa pili.